Daraja la kazi linajibu nusu tu ya swali la mshahara

"Wote tuna diploma, wote tunaingia saa mbili na kutoka saa kumi na moja. Kwa nini yeye alipwe zaidi yangu?"

Swali hili humfikia kila afisa utumishi, na jibu linalotolewa siku hizi ni kupanga kazi kwa madaraja: kila kazi ipimwe kwa uzito wa wajibu wake, kazi zenye uzito unaokaribiana ziwekwe kundi moja, na kila kundi lipewe kima cha chini na kikomo cha mshahara. Wanaoutetea mpango huu wanasema unaondoa upendeleo. Wanaoupinga wanasema ni namna ya kisomi ya kuhalalisha mishahara iliyokwisha kuamuliwa. Wote wana hoja, na ili tuone ya nani ina nguvu wapi, heri tuwashike watu wawili na tarakimu zao.

Tuchukue kampuni ya kusambaza vyakula, wafanyakazi kama themanini. Mtunza stoo analipwa shilingi 620,000 kwa mwezi. Ana miaka tisa kazini, na ni mwanamke. Mhasibu msaidizi, kijana aliyeajiriwa miaka miwili iliyopita, analipwa 850,000. Hakuna aliyewahi kukaa akaamua kwamba iwe hivyo. Mama aliajiriwa enzi kampuni ni ndogo akaongezwa kidogokidogo, kijana akaja wakati wahasibu wanagombaniwa akataja bei yake. Mishahara mingi katika kampuni zetu imezaliwa hivyo.

Wapimaji wa kazi hutumia vigezo vinne ambavyo pia Shirika la Kazi Duniani linavipendekeza: ujuzi, juhudi, wajibu na mazingira ya kazi. Tuseme kampuni imegawa alama 1,000 hivi: ujuzi 350, wajibu 350, juhudi 150, mazingira 150. Mhasibu msaidizi anapata 220 za ujuzi, 200 za wajibu, 80 za juhudi na 40 za mazingira, jumla 540. Mtunza stoo anapata 180, 230, 80 na 90, jumla 580. Kama daraja moja linabeba alama 501 hadi 600, basi hawa wawili wako daraja moja, na tena mtunza stoo yuko juu kidogo.

Mshangao unatoka kwenye wajibu. Mhasibu msaidizi anagusa fedha zote za kampuni, lakini kila anachoingiza kinapita kwa mhasibu mkuu kabla ya malipo kutoka. Akikosea, kosa linanaswa siku hiyohiyo au mwisho wa mwezi wakati wa kulinganisha hesabu za benki. Mtunza stoo anaachia mzigo kwa saini yake mwenyewe. Akikosea tarehe za kuisha muda, akatanguliza shehena mpya nyuma ikabaki ya zamani, hakuna anayejua mpaka siku ya kuhesabu stoo. Wajibu haupimwi kwa ukubwa wa fedha zinazopita mezani, wala kwa idadi ya walio chini yako. Unapimwa kwa uamuzi unaoruhusiwa kuufanya bila kuuliza, na kwa muda ambao kosa lako linaweza kuishi kabla mwingine hajaliona.

Hii ndiyo faida kubwa ya upimaji, na siamini kama kuna njia nyingine inayoileta. Unamlazimisha mwajiri kuutazama wajibu uliojificha, ambao mara nyingi ni wa watu wasio na meza. Kuna na upande wa sheria. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, kinamtaka mwajiri ahakikishe ujira sawa kwa wanaume na wanawake kwa kazi yenye thamani sawa. Imetajwa thamani sawa, kwa hiyo haitoshi kujitetea kwamba stoo na uhasibu ni kazi mbili tofauti. Mwajiri asiye na kipimo cha thamani atajitetea kwa maneno matupu.

Lakini tuendelee na hesabu. Kampuni inapanga daraja hilo liwe na katikati ya 850,000, kima cha chini asilimia 80 yake, yaani 680,000, na kikomo asilimia 120, yaani 1,020,000. Mtunza stoo yuko chini ya kima cha chini, kwa hiyo anapandishwa hadi 680,000. Menejimenti inapongezana: mfumo umefanya kazi. Mama anaipokea barua yake, anaisoma, kisha anarudi na swali lilelile, safari hii likiwa kali zaidi. Zamani aliambiwa kazi zao ni tofauti. Sasa kampuni yenyewe imeandika kwamba ni daraja moja, alama zake zimezidi, miaka yake imezidi, na bado pengo ni 170,000.

Hapo ndipo wapinzani wa madaraja wanaposhinda hoja. Daraja linaeleza tofauti kati ya kazi na kazi. Halielezi kwa nini watu wawili wa daraja moja wamesimama sehemu mbalimbali ndani yake, na kwa uzoefu wangu manung'uniko makali yako humo ndani, si kati ya dereva na meneja. Hakuna dereva anayelala macho kwa sababu meneja anamzidi.

Serikalini jambo hili lilitatuliwa zamani, kwa nadharia. Ngazi kama TGS D, ambamo kada nyingi za wenye shahada huanzia, imegawanywa katika vidato vinavyofuatana, na mtumishi hupanda kidato kimoja kwa nyongeza ya mwaka. Ukiuliza kwa nini mwenzako yuko mbele yako ndani ya ngazi, jibu ni tarehe ya kuajiriwa. Halimfurahishi mchapakazi, ila kila mtu anaweza kulikagua. Udhaifu wake ulionekana nyongeza hizo ziliposimama kwa miaka kadhaa, hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza Mei Mosi 2023 kwamba zinarudi. Nyongeza zikisimama, mtu aliyeajiriwa jana anamkuta aliyemtangulia miaka minne wakiwa kidato kimoja. Karatasi ya ngazi haijabadilika hata herufi, ila maana yake imekwisha.

Ngazi hubanwa pia kutoka chini. Julai 2022 kima cha chini cha serikali kilipanda kwa asilimia 23.3, na watumishi wengi wa ngazi za juu wakatazamia asilimia hiyohiyo. Walipoona kiasi kidogo kilichoongezeka kwenye hati zao za mshahara, kelele zikawa kubwa, na serikali ikaeleza kwamba asilimia ile ilikuwa ya kima cha chini, na inapungua kadiri unavyopanda. Kumwinua wa chini ni haki. Lakini kila ukifanya hivyo bila kugusa wa juu yake, umepunguza bei ya wajibu, na msimamizi ataanza kujiuliza anabeba lawama za watu kumi kwa tofauti gani.

Hoja ya pili ya wapinzani inanigusa zaidi. Mfumo unaohesabu wajibu huelekea kuwapenda wanaotawala. Kenya, Tume ya Mishahara na Marupurupu (SRC) ilipopima kazi za utumishi wa umma ilifuata mbinu ya Paterson, inayopanga kazi kwa aina ya maamuzi, kuanzia anayefuata maelekezo hadi anayetunga sera. Walimu wakapangwa kuanzia B5 kwa mwalimu wa ngazi ya chini hadi D5 kwa mkuu wa shule kubwa. Makubaliano ya mishahara ya 2017 hadi 2021 yaliyofuata yalilalamikiwa kwamba yaliwabeba wakuu wa shule na manaibu wao kuliko mwalimu wa darasani. Kwa mantiki ya mfumo hakuna kosa: mkuu anaamua bajeti, nidhamu na ratiba. Ila ujumbe unaobaki kwa mwalimu hodari wa hesabu ni kwamba akitaka kupanda aiache chaki, na shule inampoteza mwalimu ili ipate msimamizi ambaye pengine ni wa kawaida tu.

Dawa yake inajulikana: ngazi mbili zinazopanda sambamba, moja ya usimamizi na nyingine ya utaalamu, ili fundi au mwalimu bingwa afike daraja la mkuu wake bila kusimamia mtu. Ni rahisi kuiandika. Kuitekeleza ni kazi, kwa sababu ubingwa usipokuwa na mtihani wake, ile ngazi ya pili hugeuka maegesho ya waliokosa umeneja.

Kuna na ujanja wa maelezo ya kazi. Wafanyakazi wakishajua kwamba alama zinatoka huko, kila mtu anaanza "kuratibu", "kusimamia" na "kuishauri menejimenti". Ukitaka kujua ukweli usiulize anafanya nini. Omba nyaraka tatu za mwezi uliopita zilizotoka kwake na uangalie saini ya mwisho ni ya nani.

Turudi kwa mtunza stoo, maana 170,000 zake bado zinadaiwa. Kampuni ina kanuni moja ya kuandika kabla ya kutangaza madaraja: nani anasimama wapi ndani ya daraja, na kwa nini. Kwa mfano, mwajiriwa mpya huanzia kati ya asilimia 80 na 90 ya katikati, na aliyefanya kazi vizuri kwa miaka mitano awe amefika katikati. Kwa kanuni hiyo mama anastahili 850,000, ambazo kampuni inaweza kuzifikia kwa awamu mbili, na mhasibu msaidizi angekuwa kwenye 765,000. Zile 85,000 za juu yake ni bei ya soko. Hazina ubaya zikiitwa hivyo waziwazi, zikaandikwa kama posho ya soko na kupitiwa kila mwaka.

Kinachoharibu ni kuuficha msukumo wa soko ndani ya alama, kwa kumwongezea mhasibu alama za ujuzi mpaka apande daraja. Ukifanya hivyo mara mbili, jedwali lote limekufa, na wafanyakazi hulijua kabla ya menejimenti.

Angalizo kwa atakayetaka kutekeleza: usiuvunje mshahara wa kijana leo kuwa 765,000 na posho ya 85,000. Saa za ziada hukokotolewa kwenye mshahara wa msingi, kwa hiyo utakuwa umemkata bila kusema, na masharti ya mkataba hayabadilishwi pasipo ridhaa yake. Mwache na 850,000 zake, na mgawanyo huo uanze na atakayeajiriwa baada yake. Aliyezidi kikomo cha daraja naye hupewa kile ambacho serikalini kinaitwa mshahara binafsi: unabaki nao wewe, hauhami na kiti.

Kwa hiyo mwajiri mwenye fedha za hatua moja tu mwaka huu, mimi ningemshauri asianze na jedwali. Aanze na ile kanuni ya ndani ya daraja, aipige hesabu kwa majina yote themanini, aone kama anaweza kuilipia. Akikuta hawezi, asitangaze madaraja kwanza, kwa sababu atakuwa amewapa wafanyakazi kipimo cha kumdai asicho nacho.