Matokeo ya ujifunzaji yaanzie kwenye swali la mtihani

Kila tunapokaa kupitia mtaala wa uuguzi, mjadala unaotuchukulia muda mrefu ni wa vitenzi. Mmoja anataka "kueleza", mwingine anataka "kuchambua", na mwishoni mtu anapendekeza "kutathmini" ili moduli ionekane ina uzito. Mimi nashikilia kwamba mjadala huo unaanzia pasipofaa. Ngazi ya ujifunzaji inaamuliwa na kazi anayopewa mwanafunzi na kile alichokwisha kufundishwa kabla ya kupewa kazi hiyo. Kitenzi kinakuja baadaye.

Ngazi tunazozitumia wakufunzi wengi zinatokana na kazi ya Benjamin Bloom na wenzake ya mwaka 1956, inayoanzia kukumbuka, ikapanda hadi kuelewa, kutumia, kuchambua, kuunganisha na kutathmini. Mwaka 2001 zilipangwa upya, kutathmini kukawa ngazi ya tano na kubuni kukawekwa juu yake. Kwa mkufunzi wa uuguzi mpangilio wowote kati ya hiyo miwili unafaa. Shida ipo kwenye sentensi kama hii: "Mwanafunzi ataweza kutathmini upungufu wa maji mwilini kwa mtoto anayeharisha." Ukifungua mtihani wa moduli hiyohiyo unakuta: "Taja dalili nne za upungufu mkubwa wa maji." Mtaala umeahidi ngazi ya juu, mtihani umepima ya chini kabisa, na mwanafunzi, ambaye hana ujinga hata kidogo, atasomea mtihani.

Nitabaki na mada hiyo ya kuhara kwa watoto, kwa sababu wahitimu wetu wengi wataikuta kwenye mialo na visiwa vya Ziwa Viktoria, mahali ambapo muuguzi huwa peke yake zamu nzima.

Kukumbuka kuna heshima yake. Dalili za upungufu mkubwa lazima ziwe kichwani: mtoto amelegea au hana fahamu, macho yamedidimia, hawezi kunywa au anakunywa kwa shida, na ngozi ya tumbo ikifinywa inachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi. Zikiwepo mbili kati ya hizo, anaingia Mpango C, yaani kuongezewa maji haraka kwa dripu. Hapa tuandike waziwazi: "Mwanafunzi ataorodhesha dalili za kila daraja la upungufu wa maji bila kuangalia chati." Hakuna haja ya kulivika lengo hili kitenzi cha kifahari.

Ngazi ya kutumia ndiyo inayotuponyoka mara nyingi. Tuseme darasani tumefundisha Mpango C kwa mtoto wa miezi 18 mwenye kilo 10: mililita 300 kwa nusu saa ya kwanza, kisha 700 kwa saa mbili na nusu. Kwa seti ya dripu yenye matone 20 kwa mililita, nusu saa ile ya kwanza inadai matone 200 kwa dakika. Hakuna jicho linaloweza kuyahesabu, kwa hiyo muuguzi anafungua dripu yote na kufuatilia kiwango kinavyoshuka kwenye chupa. Sasa mtihani ukimleta mtoto yuleyule wa kilo 10, swali limerudi kuwa la kukumbuka, hata kama limeandikwa "kokotoa". Mlete mtoto wa miezi 8 mwenye kilo 7. Chini ya miezi 12 awamu ya kwanza inachukua saa nzima: 7 mara 30 ni mililita 210, mara matone 20, gawa kwa dakika 60, unapata matone 70 kwa dakika. Aliyekariri mfano wa darasani ataandika matone 140, kwa sababu amegawa kwa dakika 30. Kosa hilo linakuonyesha hapohapo nani ameelewa kwamba umri unabadilisha muda.

Kwa hiyo lengo liandikwe na sharti lake: "Akipewa umri na uzito ambao haukutumika darasani, mwanafunzi atakokotoa kiasi na kasi ya maji ya Mpango C." Maneno "ambao haukutumika darasani" yana kazi kubwa kuliko kitenzi. (Kuweka kanula ni jambo jingine. Huo ni ustadi wa mikono, unapimwa kwa orodha hakiki kwenye maabara ya stadi, na usichanganywe kwenye sentensi hii.)

Kuchambua nako kunahitaji mtoto wake. Mpe mwanafunzi maelezo ya mtoto mwenye utapiamlo mkali anayeharisha. Macho yamedidimia na ngozi inarudi polepole, lakini kwa mtoto huyu dalili hizo zinaweza kutokana na kukonda kwenyewe. Mwanafunzi atenganishe zipi azitilie shaka na zipi zina uzito zaidi, kwa mfano kiu, historia ya kuhara majimaji, na mama kusema macho yamebadilika hivi karibuni. Akikimbilia dripu wakati mtoto hana dalili za mshtuko, anaweza kuulemea moyo wake kwa maji.

Tufike kutathmini. Hapa mwanafunzi anatoa hukumu juu ya uamuzi wa mtu, kwa vigezo, na anaitetea. Swali langu lingekuwa hivi. Mtoto wa miezi 15, kilo 9, ameanza Mpango B, yaani kunyweshwa maji ya ORS chini ya uangalizi, kwenye kona ya ORS saa 2 asubuhi. Anastahili mililita 75 kwa kila kilo, yaani 675, kwa saa nne. Kufikia saa 5 amekunywa 400, ametapika mara moja, macho bado yamedidimia na anakunywa kwa pupa. Mama anasema lazima awahi meli ya kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe. Muuguzi amempa pakiti za ORS, amemwonyesha jinsi ya kuchanganya, na kumruhusu. Je, uamuzi huo ulikuwa sahihi?

Mwanafunzi anayesema "hapana, matibabu hayajaisha" na kuishia hapo hajatathmini. Mwongozo wa matibabu wenyewe unakubali kwamba kuna mama atakayelazimika kuondoka mapema, na unaeleza afanyiwe nini. Anayetathmini ataona kwamba mililita 275 zimebaki na hakuna aliyemwambia mama azimalize kwa muda gani. Ataona zinki haikutajwa, wala dalili za kumrudisha mtoto haraka, na kwamba safari yenyewe ni saa kadhaa majini bila kituo cha afya. Kisha atapima: je, kumbembeleza mama asubiri meli ya kesho kuna faida kuliko kumwachia akiwa na maelekezo kamili? Majibu mawili yanaweza kutetewa. Alama ziende kwa dalili alizozitumia, hesabu aliyoifanya na hatari alizoziona, na mwongozo wa kusahihisha uandikwe hivyo kabla ya mtihani kufanyika. Kama mwongozo una neno moja tu, "si sahihi", swali limeshuka ngazi, na litashuka tena kabisa mwaka unaofuata likirudiwa bila kubadilishwa.

Kwa mada ya saa chache kama hii malengo manne au matano yanatosha, na mawili kati yake yakiwa ya kukumbuka na kuelewa sioni aibu. Ninachoomba kwenye kikao kijacho ni kwamba kila anayependekeza lengo aje na swali lake la mtihani na mwongozo wake wa kusahihisha vikiwa tayari. Tumpe mkufunzi wa moduli nyingine swali peke yake, bila kuona lengo, aseme linapima ngazi gani. Akitaja ngazi tofauti na tuliyoiandika, tusiguse kitenzi kabla hatujabadilisha swali.