Wastani wa wiki nne ama alfa: ipi inafaa oda ya unga?

"Nauza unga kwa jumla hapa Kondele, naweka oda kila Jumatatu. Nitumie wastani wa wiki nne ama ile njia ya alfa, ndio mzigo usinilalie na pia usiniishie?"

Zote mbili zinasaidia, lakini kila moja inakosea kivyake, na makosa yenyewe yanategemea ni nini kilipandisha mauzo.

Tuseme umeuza beli 40, 44, 38 na 42, wastani ni 41. Wiki inayofuata wateja wa kawaida wanachukua 42, halafu familia moja kutoka Nyakach inakuja kubeba beli 28 za matanga, jumla 70. Wastani unaruka hadi 48.5, na ukishafika hapo hautoki haraka, watu wanarudi kununua 43, 41, 40 lakini wastani bado unazunguka 48 na 49 kwa sababu ile 70 iko ndani na ina uzito sawa na wiki zingine zote. Wiki inayofuata unauza 42, ile 70 inatoka kwa hesabu, na wastani unaanguka hadi 41.5 ghafla, na dukani hakuna chochote kimebadilika.

Njia ya alfa inachukua makadirio ya wiki iliyopita na kuyasogeza kidogo kufuata kosa lililotokea, na alfa ni namba kati ya 0 na 1 inayosema ufuate sehemu gani ya kosa hilo:

```
makadirio mapya = ya zamani + alfa × (mauzo - ya zamani)
```

Ukianza na 41 na alfa 0.3, wiki ya matanga inakupeleka 49.7, halafu unashuka pole pole, 47.7, 45.7, 44, 43.4. Haisahau kabisa, lakini haikuwekei ule mzigo wa ziada wiki tatu mfululizo. Na kwa daftari unahitaji kukumbuka namba moja tu.

Sasa geuza. Tuseme zile beli 28 si za matanga, ni shule ya bweni imeanza kununua kwako kila wiki. Mauzo yanakaa 70, na hapa wastani ndio unashinda, 48.5, 55, 63, na wiki ya nne umefika 70 kamili. Alfa ya 0.3 wakati huo iko 63 na bado inajivuta. Ukiipandisha iwe 0.6 itafika haraka, ila pia itakimbilia kila matanga. Hesabu haiwezi kutofautisha matanga na shule, wewe ndio unaweza, kwa hivyo oda kubwa za mara moja andika kando usiziingize kabisa, na shule ikianza ongeza 28 kwa mkono siku hiyo hiyo, usingoje.

Lakini naona kuna jambo linaloumiza duka kuliko hilo la kuchagua njia. Daftari inaandika mauzo, haiandiki mahitaji. Uko na makadirio ya 42 lakini umeletewa beli 28 tu, unga unaisha Alhamisi ukiwa umeuza hizo 28 kwa siku nne, na duka lako linafunguliwa siku sita. Ukiingiza 28 alfa inakushusha hadi 37.8, unaagiza 38, unauza zote 38, na kosa linaonekana karibu sifuri! Inaonekana makadirio ni sawa kabisa, kumbe huwezi kuuza zaidi ya ulichonacho, na wateja wanaobaki wameenda kwa jirani. Wastani wa wiki nne nao unadanganywa vile vile. Ukiona makosa ni madogo sana na rafu zinabaki tupu kabla wikendi, ujue ni hii. Dawa ni kugawa 28 kwa siku 4 zilizokuwa na unga, unapata 7 kwa siku, zidisha kwa 6, uingize 42.

Mimi kwa duka la aina hiyo ningeshika alfa kati ya 0.2 na 0.3, na makosa yakikaa upande mmoja wiki kadhaa bila kubadilika, ningejua kiwango kimehama na kuanza upya na namba ya karibu zaidi.

Halafu makadirio peke yake si stoki. Ukiagiza beli 42 kamili, takriban wiki moja kati ya kila mbili utaishiwa. Chukua wastani wa ukubwa wa makosa yako, bila kujali juu ama chini, tuseme ni beli 5, zidisha mara mbili upate akiba ya 10, hiyo inakukinga karibu wiki 95 kwa kila 100 kama makosa hayana mwelekeo. Ila hiyo ni ya wiki moja. Kama unaagiza Jumatatu na lori linafika Jumatatu inayofuata, oda ya leo lazima ikubebe wiki mbili: mahitaji 84, na akiba inakua mara 1.4 tu, si mara mbili, kwa hivyo 14. Hesabu beli zilizo stoo pamoja na zilizo njiani, halafu agiza za kufikisha 98.