Akiba ya dakika tatu

"Ramani ya simu inanipa njia mbili za kwenda kazini. Ya kwanza nabadilisha basi, dakika 40. Ya pili ni basi moja tu, dakika 47. Ile ya kubadilisha ndiyo inayokaa juu kila siku, lakini nikiifuata nachelewa mara kwa mara. Inanidanganya?"

Haikudanganyi, ila inajibu swali ambalo hukuuliza. Yenyewe imetafuta safari ya kukufikisha mapema kuliko zote, ikichukulia kwamba kila basi litakuwa pale linapotarajiwa. Wewe unataka safari itakayokuingiza kazini kabla ya saa mbili asubuhi. Siku nyingi majibu ya maswali hayo mawili ni mamoja. Siku basi la kwanza linapochelewa dakika nne, yanaachana.

Wacha nizijaze njia zako saa za mfano, niziandike kama zinavyosomeka kwenye skrini. Kwa zote mbili unatoka nyumbani 07:06. Ukifuata ya kubadilisha, unatembea dakika 4, unapanda basi la 07:10 na kushuka 07:26. Hapo unatembea mita 240 hadi kituo kingine, unapanda la 07:32, unashuka 07:44, na baada ya dakika 2 uko kazini: 07:46. Ukifuata ya basi moja, unatembea dakika 9, unapanda 07:15, unashuka 07:51 na kuingia 07:53.

Sasa tusimame pale kati ya 07:26 na 07:32. Ni dakika 6. Kwa kawaida programu za ramani hukadiria kwamba mtu anatembea karibu mita 80 kwa dakika, kwa hiyo mita 240 zimepewa dakika 3, na dakika 3 nyingine zimebaki za kusubiri. Hizo ndizo akiba yako, na ndizo pekee zinazokulinda basi la kwanza likichelewa. Kwenye hesabu ya ramani, lakini, kusubiri ni muda uliopotea tu. Ingepata basi linaloondoka 07:30, ingefurahi kukupangia hilo na kukuachia akiba ya dakika moja.

Hata hizo tatu si tatu kamili. Basi likifunga breki kituoni saa 07:26, wewe uko kiti cha nyuma na watu wanane wako mbele yako wakielekea mlango uleule. Unakanyaga chini sekunde 30 au 40 baadaye. Halafu kuna barabara ya kuvuka, na taa imewaka nyekundu kwa watembea kwa miguu. Niliwahi kupima kivuko ninachokipita mimi, nikakuta naweza kusimama zaidi ya dakika nzima kabla ya taa kugeuka. Mstari wa nukta za bluu kwenye ramani umepita juu ya kivuko hicho kama vile hakuna taa wala magari. Kituo cha chini ya ardhi ni kibaya zaidi, kwa sababu umbali wa kwenda chini kwa ngazi haupimiki kwa mita za barabarani.

Waendeshaji wa usafiri wana namna ya kurekebisha hili. Ratiba nyingi za mabasi na treni huifikia ramani kwa muundo uitwao GTFS, ulioanzia Portland, Marekani, mwaka 2005. Ndani yake kuna faili la `transfers.txt`, na humo mna safu ya `min_transfer_time`, ambapo mwendeshaji anaweza kuandika kwamba kutoka kituo hiki hadi kile abiria apewe angalau sekunde 300, tuseme. Akiandika hivyo, ile njia yako ya 07:32 ingehitaji dakika 5 badala ya 3. Akiacha safu hiyo wazi, programu inabaki na makadirio yake ya umbali na mwendo.

Je, ukilikosa basi la 07:32? Jibu la swali hili lina uzito kuliko dakika zote zilizoandikwa kwa herufi kubwa juu ya skrini. Tuseme basi la pili hupita kila baada ya dakika 20. Linalofuata ni la 07:52, nawe unaingia kazini 08:06. Kwa wastani, faida ya dakika 7 unayoipata siku njema inaliwa yote ukilikosa basi hilo kidogo zaidi ya mara moja katika kila safari tatu. Ukilikosa mara moja katika kumi, basi kwa wastani njia ya kubadilisha bado ni ya haraka, na ramani iko sahihi kabisa.

Tatizo ni kwamba hakuna mwajiri anayehesabu wastani. Dakika 14 ulizowahi Jumatatu hazilipi dakika 6 ulizochelewa Alhamisi. Kwa mtu mwenye saa ya kuripoti, njia ya 07:53 inayoweza kuchelewa dakika 7 bila madhara inaweza kuwa bora kuliko ya 07:46 ambayo ikiteleza inaangukia 08:06. Jioni hali inageuka. Unarudi nyumbani, hakuna anayekusubiri na daftari la mahudhurio, na hapo wastani ndio wenye maana.

Lakini nisiipendelee mno njia ya basi moja. Badilisha kitu kimoja tu kwenye mfano: basi la pili lipite kila baada ya dakika 5. Ukilikosa la 07:32 unapanda la 07:37 na kufika 07:51, bado mbele ya mwenzako wa basi moja. Upande wa pili, lile basi la moja kwa moja likiwa hupita kila nusu saa, na la 07:15 likafutwa, unapanda 07:45 na kuingia 08:23. Umekaa kituo kimoja ukisubiri kitu kimoja. Aliyebadilisha ana nafasi ya kufikiri upya njiani, wewe huna. Ndiyo maana siwaamini wanaosema basi moja ni salama daima. Usalama wa njia uko kwenye pengo kati ya gari lililopita na linalofuata, na pengo hilo kwa kawaida unaliona ukigusa jina la kituo na kusoma saa za kuondoka zinazofuata.

Watetezi wa ramani watasema haya yote yalikuwa matatizo ya ratiba za karatasi, kwamba siku hizi simu inaona mabasi yakitembea. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Pale taarifa za moja kwa moja zipo, ramani inajua jambo ambalo abiria mzoefu wa miaka kumi hawezi kulijua akiwa sebuleni: kwamba basi la 07:10 leo limefutwa, au barabara imefungwa na kituo kimehamishwa. Inaweza pia kuona kwamba basi la kwanza limechelewa dakika 4 na la pili nalo dakika 4, kwa hiyo kuunganisha bado kunawezekana. Kwa hilo, naiamini simu kuliko kumbukumbu yangu.

Ila kwanza hakikisha unachokisoma ni taarifa ya moja kwa moja. Programu nyingi huiwekea rangi au kialama cha mawimbi madogo kando ya saa. Saa isiyo na alama yoyote ni ya ratiba tu: inasema basi lilipaswa kupita, haisemi kwamba lipo njiani. Na katika safari ya mabasi mawili inatokea la kwanza likawa na alama na la pili halina. Hapo ramani imeunganisha basi linaloonekana na basi la kudhaniwa, na kwenye muhtasari yote mawili yamepangwa kwa mstari mmoja bila kukwambia.

Pili, ucheleweshaji wenyewe ni utabiri. Kwa kanuni za GTFS Realtime, muundo unaobeba taarifa za moja kwa moja, mwendeshaji akiripoti kwamba basi limechelewa dakika 5 katika kituo fulani na asiseme chochote kuhusu vituo vya mbele, dakika hizo 5 zinahesabiwa kwa vituo vyote vinavyofuata mpaka taarifa nyingine ije. Barabarani mambo hayaendi hivyo. Dereva akikuta vituo viwili havina abiria anarudisha dakika 2 au 3. Ndipo linapotokea lile kosa la kawaida: simu inasema basi limechelewa dakika 5, unaongeza kikombe cha pili cha chai, unafika kituoni dakika 5 baadaye na kuliona basi likikata kona. Dakika za kuchelewa si zako kuzitumia. Mimi huchukua nusu yake kwa siku za kawaida, na siku ya usaili sichukui hata moja.

Kuhusu kupanga kwa saa ya kufika badala ya saa ya kuondoka, wengi wanadhani ndiyo njia ya uangalifu zaidi. Mara nyingi ni kinyume chake. Ukiiambia ramani unataka kufika 08:00, kazi yake inakuwa kutafuta safari ya mwisho kabisa inayoweza kukuwahisha, yaani inakukamulia akiba kwa makusudi. Tena ukipanga usiku kwa ajili ya asubuhi, inatumia ratiba tupu, kwani foleni ya kesho haijatokea. Andika 07:50 badala ya 08:00, kisha tazama upya dakika 10 kabla ya kutoka.

Pengo likiwa la usiku, hesabu yote inabadilika. Ukikosa kuunganisha na basi la mwisho, linalofuata ni la alfajiri. Hapo hata akiba ya dakika 10 ni ndogo. Na tahadhari ya sisi tunaosema "saa sita na dakika arobaini usiku wa Ijumaa": kwa simu hiyo ni 00:40 ya Jumamosi, na tarehe unayochagua iwe ya Jumamosi, la sivyo utaoneshwa mabasi ya usiku uliotangulia.

Kwa safari yako, basi, ningegusa kile kituo cha pili nione basi linalofuata baada ya 07:32 ni la saa ngapi. Likiwa ni la 07:37 au 07:40, ningebadilisha bila wasiwasi, kwa sababu hata la 07:40 linakuingiza 07:54. Likiwa ni la 07:52, asubuhi ningetembea zile dakika 9 kwenda kwenye basi moja, na jioni ningebadilisha.