Mashudu hayali hasara, ni karatasi yenu tu

Wiki iliyopita nilipita kwenye kinu kimoja cha alizeti huku Kongwa, nikakuta mashudu yamerundikwa hadi dirishani. Chini yameshaanza kupata ukungu. Nikamuuliza meneja mbona hauzi, na wafuga kuku wa Dodoma mjini wanayatafuta. Akanijibu kwa kujiamini kabisa: "Kaka, kilo inatugharimu elfu moja, wao wanatoa mia nne. Niuze kwa hasara?"

Nikaomba karatasi. Tani 10 za alizeti kwa shilingi 850 kilo ni milioni 8.5. Umeme, vibarua na uchakavu wa mashine, milioni 1. Jumla milioni 9.5. Yakatoka mafuta kilo 2,500 na mashudu kilo 7,000. Zilizobaki ni unyevu na takataka. Mhasibu akagawanya milioni 9.5 kwa kilo 9,500, na hapo ndipo elfu moja ilipozaliwa.

Yaani mzani ndio umegeuzwa mhasibu! Mashudu ni mazito, basi yamebebeshwa milioni 7, yanauzwa milioni 2.8, na ripoti inalia hasara ya milioni 4.2. Mafuta, ambayo ndiyo yaliyomtoa mtu nyumbani kununua alizeti, yamebeba milioni 2.5 tu na kuuzwa milioni 10. Hakuna anayekamua alizeti kwa ajili ya mashudu.

Gawa gharama kwa thamani ya mauzo pale mafuta na mashudu yanapotengana. Mauzo yote ni milioni 12.8, mafuta ni asilimia 78 na ushee, kwa hiyo yabebe kama milioni 7.42, mashudu milioni 2.08. Kilo ya mashudu inashuka hadi shilingi 297 hivi. Ukiyaona mashudu ni zao la ziada tu, toa milioni 2.8 kwenye gharama, na kilo ya mafuta itakugharimu 2,680. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa bidhaa ghalani, IAS 2, kinakubali njia hii kama zao la ziada ni dogo. Kwangu mimi, linaloleta zaidi ya humusi ya mauzo si dogo, ila sitagombana na mtu kwa hilo. Gharama ya kuchuja na kufungasha mafuta isiingie humu, hiyo ni ya mafuta peke yake.

Haya, nakubali kwa shingo upande: mazao yakikaribiana bei kwa kilo, mzani hauna ubaya. Na njia yangu nayo inayapa yote asilimia ileile ya faida, kwa hiyo usiitumie kupanga bei.

Lakini kilichonikera si mgawanyo. Ni kwamba mgawanyo wowote ule haujibu swali la kuuza au kutouza. Milioni 9.5 zilishatumika kabla mashudu hayajadondoka. Ukiyauza, faida ya jumla ni milioni 3.3. Ukiyaacha yaoze, ni laki 5.

Nilimwandikia hayo nyuma ya karatasi ileile. Akasema atamuuliza mhasibu.