Saa zimetimia, kitabu kimesainiwa, mtihani wa nini tena?

"Nimemaliza saa zote za mafunzo tarajali na msimamizi amesaini kitabu changu. Kwa nini baraza la wataalamu wa maabara linanitahini tena kabla ya kunisajili?"

Nimekuwa msimamizi, nimesaini vitabu hivyo, na lalamiko hili silipuuzi. Tena hesabu ya saa ina faida ambayo wanaoibeza huisahau: inamlinda mtarajali. Isingekuwepo, maabara yenye upungufu wa watu ingemshikilia kwa kisingizio kwamba bado hajaiva.

Lakini saa hupima mahudhurio. Tuseme mtarajali amepangiwa benki ya damu wiki 4, saa 40 kwa wiki. Kila asubuhi anaazimwa kwenda kutoa damu wagonjwa wa nje. Mchana anajaza rejista. Kitabu kitasoma saa 160, na hakuna aliyedanganya, kwani alikuwepo. Ila sampuli za kulinganisha damu alizozifanya kwa mkono wake ni 3, zote nyepesi.

Sasa mpe sampuli hii. Chembe za mgonjwa zinashikana vizuri zikitiwa kitendanishi cha anti-A, hazishikani kwa anti-B, kwa hiyo anaandika kundi A. Anapopima upande wa pili, plazma ya mgonjwa inashikana na seli za B, kama inavyotarajiwa, lakini inashikana pia na seli za A1, za kundi lake mwenyewe, kidogo tu, vipunje vinavyoonekana ukitikisa mrija taratibu. Asiyewahi kukutana na hali hii atasema mrija ulichafuka. Aliyewahi atasimamisha majibu, arudie, kisha ajiulize kama ni A2, aina nyingine ya kundi A, mwenye kingamwili dhidi ya A1, kingamwili za baridi, au chembe zilizopangana tu kama sarafu. Damu ikihitajika kabla jibu halijapatikana, ataomba chembe nyekundu za kundi O zinazolingana.

Mtihani wa baraza unaweza kuuliza hilo, na ndiyo hoja yake kubwa: unampima aliyefunzwa hospitali kubwa na aliyefunzwa kituo kidogo kwa kipimo kimoja. Hata hivyo karatasi haitikisi mrija. Aliyekariri atapata alama, na aliyekosa kwa sababu kituo chake hakikuwa na benki ya damu ataadhibiwa kwa kosa la aliyempangia kituo. Kwa maoni yangu mtihani ubaki, saa zibaki kama kiwango cha chini, ila kitabu kidai pia idadi ya vipimo alivyofanya mwenyewe, kila kimoja na tarehe yake, namba ya sampuli na saini ya aliyemtazama akifanya.

Ugonjwa huohuo wa kuhesabu viti unaifuata leseni ya mwaka. Usajili hufanyika mara moja. Leseni huisha, na ikiisha jina hubaki kwenye daftari la baraza lakini ruhusa ya kutoa majibu haipo. Pointi za mafunzo endelevu zinazodaiwa ili kuihuisha, wengi huzikusanya mwezi wa mwisho, semina tatu mfululizo, wamekaa nyuma karibu na mlango.