Amua mstari kwanza, ndipo upime ziwa

Mtu akipewa ramani na kuambiwa atafute urefu na upana wa ziwa, mkono hukimbilia rula. Kwa maoni yangu, makosa mengi huanzia hapo. Kuzidisha kwa skeli ni kazi ya nusu dakika. Kazi yenyewe ni kuamua rula iwekwe wapi, na jambo hilo hufundishwa kwa haraka mno.

Chukua ziwa lililopinda kama ndizi, kwenye ramani ya 1:50,000. Ukiweka rula moja kwa moja kutoka ncha hadi ncha unapata sm 13.2. Ukitandaza uzi wa pamba katikati ya maji, ukaufuatisha ule mpindo, kisha ukaunyoosha kwenye rula, unapata sm 14.6. Vyote viwili ni urefu wa ziwa, ila vinajibu maswali tofauti. Wa kwanza ni umbali wa ncha mbili angani, na mstari wake huenda ukakatiza nchi kavu. Wa pili ndio safari ya mtumbwi. Jibu lisilotaja ni mstari gani uliopimwa, mimi nalihesabu kuwa nusu jibu.

Sasa hesabu. Skeli ya 1:50,000 maana yake sentimita moja ya ramani ni sentimita 50,000 za ardhini. Kilomita moja ina sentimita 100,000, kwa hiyo sentimita moja ya ramani ni nusu kilomita. Uzi wa sm 14.6 unakuwa km 7.3, na mstari ulionyooka wa sm 13.2 unakuwa km 6.6. Anayegawanya kwa 1,000 badala ya 100,000 hupata kilomita 730 na kuendelea na kazi bila kushtuka. Dawa yake imo kwenye ramani yenyewe: kwa kawaida miraba ya gridi katika skeli hii ina upande wa sm 2, yaani kilomita moja. Hesabu kwa macho ziwa linapita miraba mingapi. Ukiona saba hivi, 730 haiwezi kuwa kweli.

Upana ndio unaosumbua zaidi. Lazima mstari wake ukate ule wa urefu kwa pembe ya nyuzi 90, na pale ziwa linapopinda, pembe hiyo inapimwa dhidi ya mwelekeo wa uzi mahali hapohapo. Kona ya karatasi inatosha: laza ukingo mmoja kwenye mwelekeo wa uzi, ukingo wa pili ufuate upana, kisha isogeze taratibu kutoka ncha moja hadi nyingine ukitia alama za ufuko kwa penseli. Alama zilizoachana kuliko zote ndizo upana mkubwa kabisa. Tuseme ni sm 4.4, yaani km 2.2. Rula ikilala upande kwa nyuzi 30 tu, palepale utasoma kama sm 5.1, na ziwa litakuwa limenenepa kwa zaidi ya mita 300 bila tone la maji kuongezeka.

Halafu kuna nakala. Ramani iliyokuzwa kwenye mashine kutoka A4 hadi A3 huongezeka kwa asilimia 41, lakini maandishi ya 1:50,000 hubaki vilevile. Sm 13.2 zinakuwa sm 18.6, na aliyeamini maandishi atatangaza km 9.3. Skeli ya mstari, ule uliochorwa chini ya ramani, hukua pamoja na ziwa, na ndiyo maana kwenye nakala au skrini huo pekee ndio wa kutegemea. Tia alama za ziwa kwenye ukingo wa karatasi, uzipeleke kwenye mstari huo. Angalia sifuri iko wapi. Mara nyingi haiko mwanzoni kabisa, kwa sababu kushoto kwake kuna kipande kilichogawanywa vidogovidogo cha kusomea mabaki. Anayeanzia mwisho wa kushoto na kusoma namba ya kulia anajipunguzia kipande kizima.

Tena, usahihi wa jibu hauwezi kuzidi ule wa skeli. Kwenye 1:50,000, milimita moja ni mita 50, hivyo kuandika km 7.315 ni kudai usahihi ambao rula haina. Kwenye ramani ya atlasi hali ni ngumu zaidi. Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban km 673 na upana wa wastani wa km 50 hivi. Katika skeli ya 1:5,000,000 urefu huo ni kama sm 13.5, ilhali upana ni sm 1 tu. Milimita moja ya kukosea ni kilomita 5: kwenye urefu haifiki hata asilimia moja, kwenye upana ni asilimia 10 nzima. Kwa ziwa jembamba namna hiyo, urefu uchukue kwenye atlasi ukipenda, lakini upana utafutie ramani ya skeli kubwa zaidi.