Kidari Kikavu, Paja Bichi na Baba Mkwe Mezani

Baba mkwe alikuwa amekuja Dodoma kutoka Mpwapwa, na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, kijana aliyenunua oveni kabla ya kununua kitanda, alitangaza kwamba siku hiyo hakuna mwingine wa kuingia jikoni. Kuku wa kisasa wa kilo moja na nusu alipakwa tangawizi, limau na kitunguu saumu, akafungwa miguu kwa uzi wa cherehani wa mama mkwe hadi mapaja yakabana ubavuni, kisha akalazwa chali kwenye trei, kidari kikiwa karibu kabisa na moto wa juu.

Alipotoka, ngozi ilikuwa na rangi ya kupendeza, na kila mtu alimpongeza mpishi mapema mno. Baba mkwe alipewa kipande kikubwa cha kidari. Alikitafuna kwa muda mrefu kuliko sala aliyoiongoza kabla ya chakula, akaomba maji, akatafuna tena, akaomba maji mengine, na hatimaye akauliza kwa upole kama kuku huyo alikuwa mgonjwa. Mama mkwe naye alilikata paja lake penye kiungo, yakachuruzika maji mekundu, na nyama iliyoshika mfupa ilikuwa ingali inateleza.

"Mwanangu," alimwambia shemeji, "nusu hujaipika, na nusu umeianika."

Shemeji, kwa kutahayari, alimrudisha kuku mzima ovenini kwa nusu saa. Paja liliiva, lakini kidari, ambacho kosa lake lilikuwa kuiva mapema, kilirudi mezani kikiwa nyuzi tupu, na paka wa jirani aliyetupiwa kipande alikinusa akaondoka zake.

Ukweli ni kwamba kuku mmoja ana nyama mbili zisizotaka joto moja. Kidari hakina mafuta mengi wala tishu nyingi za kuunganisha misuli, hivyo ndani kikifika nyuzi 65 hadi 70 za Selsiasi huwa kimeshakuwa laini. Kikipita hapo kwa kiasi kikubwa, nyuzinyuzi zake hujikaza na kusukuma maji nje, na hakuna mchuzi wa kuyarudisha. Paja lina tishu ngumu ambazo hulainika na kuyeyuka polepole, na ndiyo maana huwa tamu likifika nyuzi 80 hivi. Kidari hukaa juu kikipigwa na moto, ilhali kiungo cha paja kimejificha ubavuni. Ule uzi wa cherehani ulizidisha tatizo, kwa sababu ulifunga mwanya ambao hewa ya moto ingepitia.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba shemeji ashike trei tu. Nilimlaza kuku kifudifudi, nikakata kwa mkasi wa jikoni pande zote mbili za uti wa mgongo na kuutoa, nikamgeuza, kisha nikakandamiza katikati ya kidari kwa viganja mpaka mfupa ukalia na kuku akalala bapa, mapaja yakiwa wazi pembeni. Nilimpaka vijiko viwili vya chai vya chumvi, nikamwacha kwenye friji bila kumfunika hadi Jumapili, ili chumvi iingie ndani na kuisaidia nyama kushika maji yake, na ngozi nayo ikauke. Oveni ilipashwa moto hadi nyuzi 220, na mapaja nikayaelekeza nyuma, ambako oveni ya shemeji huwa na moto mkali zaidi.

Baada ya dakika 45 nilichomeka kipimajoto cha nyama, nikiepuka mfupa kwa sababu ukiugusa utasoma uongo: paja lilikuwa 80, kidari 71. Nilimwacha nje dakika kumi, na kidari kikapanda chenyewe hadi 74, kiwango kinachopendekezwa kwa usalama. Rangi peke yake isingenitosha, maana kuku mchanga huweza kubaki na wekundu kando ya mfupa hata akiwa ameiva.

Anayetaka kuku aingie mezani mzima, asimfunge miguu, aanze kumwoka kifudifudi kwa nusu ya muda, na akifunike kidari kwa foili kikianza kutangulia; tofauti itapungua, ingawa haitaisha. Na mezani mapaja yakigundulika kuwa mabichi, yakatwe yarudishwe ovenini yenyewe, kidari kibaki kimefunikwa.

Baba mkwe safari hii alimaliza kidari bila kuomba maji. Kisha akaikagua sahani, akaikagua tena, akauliza mgongo wa kuku uko wapi, maana yeye siku zote hula mgongo. Nilimwambia uko kwenye sufuria ya supu. Shemeji akaangalia dirishani, akasema supu ilikuwa nzuri sana.